Droni iliyogeuza shingo upande wa bwawa: kisa cha Jinja

Hiki kisa kimetokea kweli na mimi nilikuwemo, tena nina sehemu yangu ya lawama. Majina nimeyaficha, gesti siitaji, kituo cha polisi sikitaji, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili watu wasitambulike. Jinja, mji wa Uganda penye chanzo cha Naili, nimeiacha kwa sababu bila Jinja kisa hakieleweki, utaona kwa nini.

Nani walikuwepo na walitaka nini

Mimi ni fiksa. Mtu akija Uganda kupiga video namtafutia gari, lokesheni, vibali, na wa kumsemea pale Kiganda kikihitajika au Kisoga. Nimekulia Walukuba, mtaa wa Jinja, Kiswahili ndicho tulichezea mpira, kwa hiyo wateja wangu wengi ni watu wa Kenya na Kongo.

Hawa walikuwa wawili. Dairekta nitamwita S, dada wa Mombasa, na rubani wa droni nitamwita K, kijana wa Kisumu. Kazi yenyewe ndogo tu, video ya dakika mbili ya gesti moja iko ukingoni mwa Naili upande wa Njeru, ng'ambo ya Jinja, yule mwenye gesti alitaka watu waone mto, waone chanzo cha Naili, waone bustani yake jioni jua likizama. Siku tatu za kupiga, siku moja ya akiba.

K alikuwa na droni ndogo ya gramu 249 na karatasi zake za Kenya zote safi, droni imesajiliwa KCAA, mamlaka ya anga ya Kenya, yeye mwenyewe ana leseni ya urubani. Aliniambia kwenye simu, "Bro, mimi niko sawa, na hii ni ndogo haihitaji kitu." Nikamwamini. Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipo na sitalizungusha.

Tulivyojipanga, na tulichokiruka

Tulichofanya vizuri: nilienda mapema kwenye bustani za chanzo cha Naili upande wa Jinja, pale kwenye sanamu ya Gandhi, nikaongea na msimamizi. Pale mtu akija na simu yake analipa kiingilio anapiga picha na watoto wake hakuna anayemuuliza. Ila ukishaingia na tripodi, maiki yenye manyoya na mtu anayepiga kelele "ekisheni", wewe si mgeni tena, wewe ni kazi, na kazi ina malipo yake na barua yake. Tukaandika barua, tukalipa, nikadai risiti. Upande wa Njeru nikaenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, nikamweleza, akatupigia muhuri. Mwenye gesti, mzee mmoja mkarimu sana, akasema, "Uwanja ni wangu, rusheni tu wanangu."

Kwa hiyo tulikuwa na karatasi tatu na tukajiona matajiri wa vibali. Lakini ukizisoma vizuri zote tatu zinasema kitu kimoja, kwamba mnaweza kusimama hapa chini. Hakuna hata moja inayosema kitu kuhusu anga. Anga ya Uganda haina mwenyekiti wa LC1. Droni iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, UCAA, kwa kanuni za mwaka 2020, na kabla hujafika huko kuna usalama, Wizara ya Ulinzi lazima iridhie. Hata kuiingiza nchini tu, kabla hujawasha betri, unatakiwa uwe na barua, bila hiyo forodha wanaishika pale mpakani au Entebe na kukupa karatasi ya kuifuata siku ya kuondoka, kama una bahati.

Sasa K alivukaje? Alivuka Busia kama anavyovuka kila mtu, kwa kitambulisho cha taifa, kwa sababu Mkenya na Mganda siku hizi hahitaji pasipoti. Begi lake halikufunguliwa. Yeye akachukulia kwamba kama mtu amepita basi na vitu vyake vimepita. Na zile karatasi za KCAA akadhani ni kama leseni ya gari, inafanya kazi Afrika Mashariki yote. Hazifanyi. Ukivuka mpaka wa Busia, droni yenye karatasi za Nairobi ni droni isiyo na karatasi.

Na hilo la gramu 249 linatoka Ulaya na Marekani, kule ndiko uzito chini ya 250 unakupunguzia mambo, watu wanaangalia video za mitandaoni wanadhani ni sheria ya dunia. Hapa afande hapimi gramu.

Siku yenyewe

Siku ya kwanza bustanini ilikwenda vizuri hadi nikasahau kuogopa. Askari wa geti aliangalia risiti, akatuonyesha hata pa kuweka tripodi ili boti zisiingie kwenye picha.

Jioni tukavuka kwenda Njeru kulala gesti, tukapita daraja jipya, lile la nyaya lililofunguliwa Oktoba 2018, mita 525 za zege na kila mtu akilipita anatoa simu. Mabango yapo, usisimame, usipige picha. Hatukusimama. Ila S alikuwa na ile kamera ndogo ya kubandika kwenye dashibodi, aliiwasha Busia akaisahau, ikapiga daraja lote mwanzo mpaka mwisho. Hakuna aliyejua. Kumbuka hii klipu, itarudi.

Siku ya pili saa kumi na moja jioni K akairusha droni kutoka bustani ya mzee. Mimi nilikuwa nakunywa chai. Mpango ulikuwa kupanda, kuangalia kusini kule mto unakotoka ziwani, kushuka. Dakika sita. Akapiga hiyo, nzuri kabisa. Halafu, hapa ndipo mkono wa rubani unapowasha, akaona betri bado ina asilimia zaidi ya sitini na mwanga ni wa dhahabu, akageuza kamera kaskazini kufuata mto. Kwenye skrini ikaja reli, nyuma yake nyaya za daraja jipya, na nyuma zaidi bwawa la Nalubaale. S akasema "wau, shika hapo." Akashika.

Mtu asiyeijua Jinja haoni tatizo, mto ni mto. Ila hebu fikiria alichoweka kwenye fremu moja. Nalubaale ni bwawa la umeme la tangu 1954, linalindwa na jeshi, na hata kwa miguu ukipita barabara ya juu yake na kamera shingoni utaulizwa. Daraja ndiyo njia kuu ya mizigo ya Mombasa kwenda Kampala. Kisha ongeza kwamba Jinja ni mji wa jeshi, kambi ya Gadafi iko mjini, na kule Kimaka kuna chuo cha makamanda na uwanja wa ndege jirani. Sauti ya droni mji kama huo haisikiki kama sauti ya harusi.

Dakika kumi za kwanza

Nilisikia boda zikikata kona kwa kasi. Askari wawili wa jeshi na mmoja wa kiraia, shati limechomekewa, huyo wa kiraia ndiye mwenye maneno. Droni ilikuwa bado juu.

K uso ukabadilika. Aliniambia baadaye vitu viwili vilimjia kichwani, kuiangusha droni ng'ambo kwenye miti, au kuishusha haraka atoe memori kadi amtupie S. Nikamwambia kwa sauti ya kawaida ambayo na wao waisikie, "Ishushe taratibu, weka rimoti mezani, usiguse kitu kingine." Akabonyeza RTH, kitufe cha kuirudisha ilikorukia, ikarudi, ikatua majanini, taa zinawaka.

Sababu za kusema hivyo zilikuwa mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua, ukifuta umeficha, na anayeficha ana la kuficha. Ya pili ni ya kiufundi na wengi hawaijui: kufuta kadi hakufuti kitu. Programu ya DJI Fly inabaki na nakala ya video kwenye simu, ya ubora wa chini, na inaandika rekodi ya mruko mzima, ilipopita, urefu, umbali. Mtu wa ufundi akija kesho akakuta rekodi ya mruko ipo na kadi ni tupu, ndiyo umejifunga mwenyewe.

Nikasimama mimi mbele. "Jambo afande."

"Jambo. Hiki kitu ni cha nani?"

"Ni chetu afande. Mimi ndiye mwenyeji wao, hawa ni wageni wa mzee mwenye gesti. Barua hizi hapa."

Akazisoma zote, taratibu, akageuza na nyuma. "Hizi za chini. Ya juu iko wapi?"

Sentensi hiyo fupi ilinitosha. Nikasema ukweli, "Ya juu hatuna, afande."

S alitaka kuingilia na Kiingereza, mambo ya utalii na kuitangaza nchi, nikamwomba anyamaze. Si kwa dharau. Wakisema watu watatu zinapatikana hadithi tatu, na jeshi la Uganda linaongea Kiswahili, ni lugha yao ya kazi, ukiwajibu kwa Kiswahili kilichotulia mnaongea kama watu. Ukianza Kiingereza cha kujitetea inakuwa mahojiano.

Kituoni

Tukapelekwa kituoni na vitu vyote. Mpaka hapo nilidhani ni onyo na kulala salama, yule wa kiraia alikuwa ameshalegea, ameona klipu za gesti, kitanda, mchuzi wa samaki, mzee akicheka. Halafu wakaanza kuangalia kadi moja moja na wakafika kwenye ile ya dashibodi.

Daraja lote. Mwanzo mpaka mwisho, pamoja na kituo cha askari.

Chumba kikawa kimya. Sasa hesabu yao ilikuwa hivi, jana mmepiga daraja, leo mmepiga daraja na bwawa kwa juu, droni imeingia nchini bila karatasi, na mmoja ana leseni ya urubani ya nchi nyingine. Mimi mwenyewe ningeshuku. Ile klipu ya bahati mbaya ilifanya klipu ya tamaa ionekane kama mpango.

Tulichoomba ni afisa mmoja aangalie rekodi ya mruko pamoja na K. Ilichukua karibu saa mbili kumpata anayeelewa. Akafungua simu akaona mwenyewe: juu kabisa mita 78, mbali kabisa mita 410 kutoka bustanini, na mstari wote uko upande wetu wa reli. Haikufika darajani, haikuvuka bwawa, ilitazama tu. Na ya dashibodi nikamwonyesha kwamba faili ni moja refu linaanza Busia, lina saa nne za barabara, malori, na ng'ombe wa Iganga. Mtu anayepeleleza daraja hapigi ng'ombe wa Iganga.

Nje alikuja broka. Kila kituo anakuwepo, mtu asiye askari lakini anawajua wote, akaninong'oneza kwamba kwa milioni mbili tunatoka na droni yetu usiku huohuo. Nilikataa, na nasema wazi sikukataa kwa utakatifu. Kwanza bondi ya polisi, yaani dhamana, Uganda ni bure, imeandikwa hata ukutani, na katiba inawapa saa 48 wakufikishe kortini au wakuachie. Pili, jambo likishakuwa na jeshi ndani, pesa uliyompa mtu wa korido haifiki kwa anayeamua, inabaki kuwa kosa jipya lenye jina lako.

Saa nne usiku tukaandika maelezo, mzee wa gesti na mwenyekiti wa LC1 wakaja kusimama kama wadhamini, tukatoka kwa bondi. Droni, rimoti, simu ya K na kadi zikabaki. Nilisisitiza orodha iandikwe, kila kitu na namba yake ya kiwandani, afisa asaini, nikapiga picha karatasi ile. Walichoka na mimi lakini wakaandika.

Ilivyoisha

Vitu vilipelekwa Kampala kukaguliwa. Kesi haikufunguliwa. Simu ilirudi baada ya siku tisa, droni baada ya wiki saba kwa masharti kwamba itoke nchini, na K alisindikizwa na karatasi mpaka Busia. Kadi ya droni haikurudi mpaka leo. Ile karatasi ya orodha ndiyo iliyotusaidia kuipata droni, maana wakati fulani kule ilikopelekwa walisema wana droni kadhaa za aina hiyo na hawajui yetu ni ipi.

Video ya mzee ilichelewa mwezi na nusu. Tulimpata rubani wa hapahapa mwenye cheti cha UCAA na idhini ya usalama, tukampa sehemu kamili ya kurukia, tarehe mbili, muda, urefu wa juu mita 60, na orodha ya shoti tano zote zikitazama kusini. Akaombea kazi hiyo maalum, ilichukua takriban wiki tatu kujibiwa. Alipokuja alipeleka barua kwa DPC, mkuu wa polisi wa wilaya, na nakala kwa RDC, mwakilishi wa rais wilayani, na DISO, afisa usalama wa wilaya, siku mbili kabla. Askari walikuja siku hiyo pia, tena walewale wa boda, wakaangalia barua, wakapiga simu moja, wakaondoka.

Kilichosaidia na kilichotuangusha

Wengi nikiwasimulia wanasema kosa ni kugeuza kamera. Mimi naona kamera iliharakisha tu. Hata kama K angetazama kusini siku zote, droni ilikuwa nchini bila barua na anga haikuwa na ruhusa, siku ingefika. Kosa ni kwamba mimi niliuliza "una kibali?" badala ya "kibali cha nani, kinasema nini?" Nikapokea ndiyo.

Ile barua kwa DPC na RDC inaeleweka vibaya. Yenyewe siyo kibali, hakuna mkuu wa polisi wa wilaya anayeweza kukupa anga. Kazi yake ni nyingine: droni ikisikika watu wanapiga simu, na simu hiyo inafika kwa mtu ambaye ama amesikia habari zako ama hajasikia. Tofauti ya siku mbili hizo za askari walewale ilikuwa karatasi ya ukurasa mmoja.

Jambo jingine, hata rubani mwenye cheti hakuruhusiwa bwawa wala daraja. Nilimuuliza kama tungeongeza shoti moja ya kaskazini, akacheka, akasema hiyo ni maombi mengine kabisa, kwa wenye bwawa na wenye kulilinda, na kwa video ya gesti hakuna atakayesumbuka kukujibu. Kwa hiyo anayekuja Jinja apange shoti zake kwa dira. Hii si kwa droni peke yake, lenzi ndefu kutoka ardhini ikielekezwa kule ina maswali yaleyale, na kamera za dashibodi zizimwe kabla ya kupanda daraja.

Kuhusu S na K kuwa wageni, kulikuwa na pengo pale pia ambalo kwa bahati halikuguswa. Kikundi kutoka nje kinachokuja kupiga kwa biashara kinatakiwa kipitie Baraza la Vyombo vya Habari Kampala kwanza. Sisi tulijiambia ni video ya gesti tu, ni watu wawili. Na kama ingekuwa mbugani, tuseme Murchison, ingeongezeka UWA, mamlaka ya wanyamapori, ambao ofisi yao kuu iko Kamwokya, wana malipo yao ya upigaji wa kibiashara, na droni kwao ni ombi la peke yake kwa sababu ya wanyama.

Kilichotuokoa ni rekodi ya mruko, na hiyo ingekuwa haina thamani kama K angetoa kadi zile sekunde kumi za mwanzo. Amekiri mkono ulishafika kwenye kifuniko.

Siku hizi mteja akinipigia ana droni namwomba picha ya vitu viwili, barua ya UCAA na ile ya Ulinzi. Asipokuwa nazo namwambia aiache nyumbani tutakodi hapa na rubani wake. Wiki iliyopita mmoja wa Goma alinijibu, "Lakini yangu ni ndogo sana, kaka, gramu 249."

Nikamtumia picha ya ile karatasi ya orodha.